Basi la saa 12:50: nilivyopanga safari ya kila siku ya binti yangu

Binti yangu alipopata nafasi katika shule ya bweni, nafasi yenyewe ilikuwa ya darasani tu. Bwenini vitanda vilikuwa vimekwisha, na mwalimu aliyepokea fomu zake akatuambia kwamba muhula wa kwanza angesoma kama mwanafunzi wa kutwa mpaka kitanda kipatikane. Alikuwa na miaka 14. Sisi tunakaa kijijini, kilomita 4 kutoka barabara ya lami. Kutoka njia panda ya lami hadi mjini ni kilomita 22, na kutoka mjini hadi shuleni ni kilomita 6 nyingine. Hakuna gari moja linalopita njia hiyo yote, kwa hiyo alihitaji vyombo vitatu kwenda na vitatu kurudi: baiskeli hadi njia panda, basi dogo hadi mjini, kisha basi la wafanyakazi wa shule, ambalo uongozi ulikubali apande.

Jioni ya kwanza nilikaa na kalamu nikajumlisha: baiskeli dakika 20, basi dogo dakika 40, basi la wafanyakazi dakika 15. Jumla saa moja na robo. Nililala nikiwa na furaha. Hesabu hiyo ilikuwa na kosa kubwa, kwa sababu nilihesabu muda ambao mtoto yuko juu ya chombo, nikasahau muda ambao amesimama chini akingoja chombo kinachofuata. Katika safari ya kuunganisha magari, mambo huharibika pale panapounganishwa.

Kabla sijarudi kwenye asubuhi, niseme jambo ambalo nilipaswa kuanza nalo: safari ya namna hii hupangwa kuanzia jioni. Ratiba ya shule ya bweni imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaolala hapo hapo. Vipindi huisha saa 10:00, michezo huendelea hadi saa 11:00, wanafunzi wanakula, kisha wanakaa prepo kuanzia saa 1:00 hadi saa 3:00 usiku. Kwa mwanafunzi wa bweni siku hiyo ina mantiki, maana kitanda chake kiko mita mia mbili kutoka darasani. Kwa binti yangu, basi la wafanyakazi liliondoka saa 11:15 jioni, na mabasi madogo ya kuja upande wetu yalianza kuwa machache kuanzia saa 12:30. Angebaki prepo hata siku moja asingekuwa na gari la kurudi. Kwa hiyo swali la kwanza nililompelekea mwalimu wa taaluma halikuhusu asubuhi kabisa. Nilimuuliza, "Mwalimu, saa 2 za prepo atazifidia wapi?" Tulikubaliana kwamba siku tatu za wiki atatumia saa ya michezo kusoma maktaba, na kazi nyingine ataifanya nyumbani. Laiti nisingeuliza, angekuwa mtoto pekee darasani anayekosa saa 10 za kusoma kila wiki bila mtu yeyote kuona.

Sasa asubuhi. Wanafunzi waliitwa majina saa 1:15. Basi la wafanyakazi liliondoka stendi ya mjini saa 12:50 kamili, na dereva wake hakungoja mtu, wala sikumlaumu. Nyuma yake walikuwa wamekaa walimu wa kipindi cha kwanza. Hiyo saa 12:50 ndiyo ikawa msumari ambao ratiba nzima ilining'inia juu yake. Kila kitu kabla yake kilipangwa kwa kurudi nyuma: afike stendi saa ngapi, basi dogo apande saa ngapi, atoke nyumbani saa ngapi, aamke saa ngapi.

Shida ni kwamba basi dogo halina saa. Linaondoka mwanzo wa njia likijaa, linasimama linapoitwa, na pale njia panda lilipita kila baada ya "dakika ishirini hivi", kama walivyoniambia watu wote niliowauliza. Nami nilijiambia kwamba likija kila dakika 20, kwa wastani mtu atangoja dakika 10. Hilo ni kweli ikiwa tu mabasi yanaachana sawasawa. Yasipoachana sawasawa, mambo hubadilika kabisa. Chukua saa moja yenye mabasi matatu, ambamo mawili yamekuja kwa kufuatana, mapengo yakawa dakika 5, dakika 5 na dakika 50. Wastani wa pengo bado ni dakika 20. Lakini kati ya dakika 60 za saa hiyo, dakika 50 zimo ndani ya lile pengo refu, kwa hiyo anayefika kituoni wakati wowote ule ana uwezekano mkubwa wa kuangukia humo. Ukipiga hesabu, wastani wake wa kungoja ni dakika 21 na kitu, zaidi ya mara mbili ya nilivyotarajia. Na mabasi yanayoshindania abiria hupenda sana kufuatana. La mbele husimama kila mahali kuokota watu, la nyuma halina wa kuokota, linalikaribia, kisha yanakwenda pamoja kama mapacha.

Kuna jingine: basi lililojaa si basi. Linapita, unalihesabu kwa macho, lakini mtoto bado yuko chini.

Nilipoelewa hivyo niliacha kuuliza watu nikaanza kupima. Zilibaki wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa kwake, na shule nyingine za njia hiyo zilikuwa tayari zimefunguliwa, jambo ambalo ni la muhimu kwa sababu wakati wa likizo barabara na mabasi huwa na tabia nyingine. Kwa siku 10 za kazi, mimi au baba yake tulikwenda njia panda alfajiri, tukapanda basi la kwanza lenye nafasi, tukaandika kwenye daftari namba moja tu: dakika ngapi kutoka kufika njia panda hadi kushuka mjini, kungoja na kusafiri vikiwa pamoja. Nilikuwa nimeanza kuviandika mbalimbali, nikaacha. Siku ambayo basi linakawia kuja, mara nyingi pia hujaa na kusimama sana njiani, kwa hiyo vinakwenda pamoja na ni bora kuvipima pamoja.

Nilipozipanga kuanzia ndogo, namba zetu zilikuwa hizi: 45, 48, 49, 51, 52, 54, 57, 60, 66, 83.

Ziangalie kidogo. Wastani wake ni dakika 56 na nusu. Ningepanga kwa wastani, tuseme dakika 57, basi siku 3 kati ya 10 angekuta basi la wafanyakazi limekwenda. Wastani unafaa kwa anayetaka kujua atatumia muda gani njiani kwa mwezi. Kwa mtu ambaye gari linalofuata halimngoji, anachohitaji kujua ni mkia wa orodha ile, zile siku mbaya. Ningepanga kwa dakika 83, asingekosa hata siku moja kati ya hizo, lakini kila siku ya Mungu angeamka dakika 17 mapema zaidi ya ambazo dakika 66 zingemtaka, na siku 9 kati ya 10 dakika hizo angezimaliza akiwa amesimama stendi gizani. Nilichagua 66. Siku moja kati ya 10 iliyobaki niliitafutia njia nyingine.

Njia nyingine hiyo ilikuwa pikipiki kutoka stendi hadi shuleni. Ilichukua dakika 12, nikaongeza 5 za kumpata dereva na kuvaa helmeti, jumla 17. Maana yake, hata akikosa basi la 12:50, mradi ameshuka mjini kabla ya saa 12:58 bado angefika saa 1:15. Sikutaka apande pikipiki yoyote iliyo mbele yake. Nilizungumza na madereva wawili wanaoegesha pale pale, mmoja awepo mwingine asipokuwepo, nikawaeleza kwamba mtoto ataleta helmeti yake mwenyewe na kwamba nauli yao ninailipa mimi mwisho wa wiki. Helmeti ilikuwa imefungwa kwenye mkoba wake kila siku, ingawa alipanda pikipiki mara chache sana muhula mzima.

Hivyo ratiba ikajiandika yenyewe kwa kurudi nyuma. Saa 12:50 basi linaondoka. Kutoka anaposhukia hadi linapoegesha ni mwendo wa dakika 6. Ondoa hizo, ondoa 66, unapata saa 11:38 awe amesimama njia panda. Kuegesha baiskeli na kuifunga kwa mnyororo ni dakika 4. Kuendesha kilomita 4 za vumbi gizani ni dakika 22, si 20 nilizokadiria mchana. Anatoka nyumbani saa 11:12 alfajiri. Anaamka saa 10:40.

Niliposoma hiyo saa 10:40 kwenye karatasi niliumia. Madaktari wa usingizi hupendekeza saa 8 hadi 10 za kulala kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Ili apate hata saa 8 ilibidi awe amesinzia saa 2:40 usiku. Na jioni, basi la wafanyakazi likiondoka 11:15, akifika mjini 11:30, akipata basi dogo na kufika njia panda kama saa 12:35, akiendesha baiskeli kupanda kilima kwa dakika 28, anaingia nyumbani saa 1:03. Kati ya 1:03 na 2:40 aoge, ale, afanye kazi ya shule. Safari peke yake, kutoka 11:12 hadi 1:05 asubuhi na kutoka 11:15 hadi 1:03 jioni, ilikula saa 3 na dakika 41 kila siku. Mtoto anaweza kustahimili hilo muhula mmoja. Sikuamini, na siamini hadi leo, kwamba anaweza kulistahimili mwaka mzima.

Mvua ilitufundisha jambo ambalo daftari halikulionyesha. Barabara yetu ikilowa, baiskeli hukamatwa na matope magurudumuni na mtoto anatembea kwa miguu. Kilomita 4 katika hali hiyo ni saa nzima, badala ya dakika 26 za baiskeli na kuifunga. Siku ya kwanza ya mvua aliamka saa 10:40 kama kawaida, akachungulia nje, akaniita. Lakini ili awe njia panda saa 11:38 kwa miguu, alipaswa kuwa ameshatoka saa 10:38, kabla hajaamka. Tulikuwa tumechelewa kabla hatujaanza. Tangu siku hiyo uamuzi wa miguu au baiskeli ulifanywa usiku uliotangulia, kabla ya kulala. Ikiwa mvua imenyesha mchana na njia ya kisimani imeteleza, saa ya kuamsha inawekwa 10:05, viatu vya mpira vinawekwa mlangoni, na viatu vya shule vinaingia kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mkoba. Mara mbili tuliamka bure, njia ikawa imekauka. Tulikubali gharama hiyo.

Giza lilinihangaisha kuliko kuchelewa. Mtoto wa kike amesimama peke yake njia panda saa 11:38 alfajiri, hilo sikuweza kulikubali kwa sababu tu ratiba inasema hivyo. Nilifikiria aende kwa baiskeli hadi kilomita moja na nusu mbele zaidi, mahali mabasi yanapogeuzia, apande yakiwa matupu na akae chini ya taa. Nilijaribu mwenyewe mara moja. Malori yalinipita karibu mno kwenye lami isiyo na njia ya baiskeli, nikaliacha wazo hilo siku hiyo hiyo. Tulichofanya ni kuzungumza na mzee mwenye duka pale njia panda, ambaye hufungua mapema kwa ajili ya wasafiri. Baiskeli ikaegeshwa ndani ya uzio wake na mtoto akangojea barazani kwake, kwenye taa. Wanafunzi wengine wawili wa njia hiyo nao wakaanza kungojea hapo. Baiskeli tuliifunga taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na mkoba tukaushonea mkanda unaong'aa ukipigwa na taa za gari.

Shule haikuruhusu simu. Kwa hiyo mtoto akishaondoka nyumbani, sikuwa na njia ya kumfikia hadi jioni, na ilibidi taarifa ipite kwa watu. Mzee wa duka alinitumia ujumbe mfupi: amepanda. Mwalimu wa zamu alikuwa na namba yangu, tukakubaliana kwamba asipomwona hadi saa 1:30 ananipigia. Kimya kilikuwa na maana yake: hakuna simu kufikia saa 1:40, mtoto yuko darasani.

Tulimwekea pia saa za kukata shauri, ili asiachwe aamue akiwa amechoka au ana wasiwasi. Asubuhi, ikifika saa 12:05 hajapata basi lenye nafasi, anamwambia mzee anipigie, nami naijulisha shule kwamba atachelewa. Anaendelea kungoja bila kuhangaika, wala hapandi lori au gari la mtu asiyemjua kwa sababu anakimbiza saa. Jioni, akiwa bado mjini ikifika saa 12:30 bila basi, hageuki huku na kule. Anakwenda kwa mama yake mdogo anayekaa karibu na stendi, analala huko, na kesho yake anapanda basi la wafanyakazi kutoka pale pale. Sare ya akiba iliwekwa kwa mama mdogo tangu wiki ya kwanza. Mara ya kwanza alipolala huko alinipigia kwa simu ya mama yake mdogo akasema, "Mama, nimefanya kama tulivyoandika." Sauti yake haikuwa na hofu hata kidogo, nikashukuru.

Ile siku ya dakika 83 ilijirudia kweli, katika wiki ya sita. Alisimama njia panda saa 11:38, basi mbili zikapita zimejaa, la tatu likampeleka polepole, akashuka mjini saa 1:01. Alichukua pikipiki kama tulivyopanga na kuingia langoni saa 1:18, amechelewa dakika 3. Mwalimu wa zamu alikuwa ameshaambiwa.

Mwishoni mwa muhula nilirudi shuleni na daftari langu. Sikwenda kuomba huruma. Nilikwenda na zile saa 3 na dakika 41, na orodha ya siku ambazo kazi ya prepo haikukamilika, nyingi zikiwa za hisabati na sayansi. Niliomba kitanda cha usiku mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, siku ambazo prepo ilikuwa ya masomo hayo. Wakakubali, kwa kuwa kulikuwa na wanafunzi wa kidato kingine waliohamia mabweni mapya na vitanda kadhaa vilibaki. Kwa mpangilio huo anakwenda Jumatatu na kurudi Jumatatu, anakwenda Jumanne na kurudi Jumatano, anakwenda Alhamisi na kurudi Ijumaa. Safari 10 za wiki zikawa 6, na muda wa barabarani ukashuka kutoka saa 18 na dakika 25 hadi saa 11 na dakika 3.

Nilidhani tumemaliza, kumbe baiskeli ilikuwa inatungoja. Akiiacha njia panda Jumanne asubuhi, italala huko hadi Jumatano jioni, na uzio wa mzee hauna mtu usiku. Akiiacha nyumbani, Jumatano jioni atashuka njia panda bila chombo, giza likiingia. Kila chombo unachoendesha mwenyewe lazima kiwe mahali utakaposhukia safari ya kurudi, na mimi nilikuwa nimepanga siku za mtoto bila kupanga siku za baiskeli. Sasa baba yake humpeleka kwa pikipiki Jumanne na Alhamisi alfajiri, mkoba ukiwa mzito kwa nguo za usiku, na kumpokea njia panda Jumatano na Ijumaa saa 12:35 jioni. Baiskeli hutumika Jumatatu tu.